Kwa nini lipu ya saruji ilipandisha unyevu: jibu kwa msomaji wa Bagamoyo

*Shikamoo mzee. Nyumba ya marehemu bibi yetu iko Dunda, Bagamoyo, ni ya mawe na chokaa. Ukuta wa sebuleni ulikuwa unaloa hadi usawa wa goti. Fundi akabandua chokaa yote, akapiga lipu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji na juu yake rangi ya mafuta, ndani na nje. Huu ni mwaka wa pili, unyevu umefika kiunoni na rangi inatoka mabamba mabamba. Maji yanapandaje juu, na mbona dawa imezidisha ugonjwa?*

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa hasara. Kwanza ujue kwamba fundi wenu hakuwaibia. Lipu yake ilifanya kazi aliyoikusudia, yaani ilizuia maji yasitoke. Kosa liko hapo. Maji yaliyokuwa yakitokea usawa wa goti yalikuta mlango umefungwa, yakaendelea kupanda hadi yalipopata pa kutokea. Ili uone yalipataje nguvu ya kupanda, tuanzie kwenye kibatari.

Utambi wa kibatari unavuta mafuta ya taa kutoka chini ya kopo hadi kwenye moto, na humo ndani hamna pampu. Kinachovuta ni nyuzi za pamba zilizobanana, zenye vijinjia vyembamba katikati yake. Ukuta wa bibi ni utambi mkubwa. Kopo lake ni udongo ulio chini ya msingi, na moto wake ni jua na upepo unaopuliza kutoka baharini. Shika mfano huu, maana nitaurudia.

Chembe za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe. Iliyo katikati ya ndoo inavutwa na wenzake kutoka kila upande, kwa hiyo haiendi popote. Iliyo juu kabisa haina mwenzake upande wa hewa, inavutwa pembeni na chini tu. Ndiyo maana uso wa maji hujikaza kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Chukua sindano ya cherehani iliyo kavu, ilaze taratibu juu ya maji ya glasi. Itaelea, ingawa chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji. Dondoshea tone la sabuni ya maji pembeni, sindano itazama papo hapo, kwa sababu sabuni imelegeza ile ngozi. Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso.

Sasa ongeza jambo la pili. Maji yanapenda kushikamana na kioo, mchanga, chokaa na jiwe la matumbawe kuliko yanavyopenda kushikamana yenyewe. Tazama ukingo wa maji ndani ya glasi: mahali yanapogusa kioo, yamejivuta juu kidogo. Kwenye glasi pana jambo hilo halina uzito, kwa sababu ukingo ni mdogo na maji ni mengi. Lakini kwenye mrija mwembamba kingo za pande zote zinakaribiana, uso mzima unajipinda kama bakuli, na ile ngozi iliyojikaza inabeba maji yote yaliyo chini yake. Maji hupanda mpaka uzito wake ulingane na mvuto wa ngozi, kisha husimama.

Kadiri njia inavyokuwa nyembamba ndivyo maji yanavyopanda zaidi. Jambo hili alilieleza tabibu Mwingereza James Jurin mwaka 1718, na hesabu yake unaweza kuifanya kichwani. Chukua 30, igawe kwa kipenyo cha mrija kwa milimita, utapata urefu wa kupanda kwa milimita. Mrija wa milimita 1 unapandisha maji milimita 30, yaani sentimita 3. Wa sehemu ya kumi ya milimita, ambao ni karibu na unene wa unywele, unapandisha sentimita 30. Wa sehemu ya mia ya milimita unapandisha mita 3. Upandaji wa namna hii ndio wanafizikia wanaouita wa kapilari.

Sasa twende kwenye kopo, yaani udongo. Kati ya chembe na chembe ya udongo kuna nafasi, na nafasi hizo zikiungana zinakuwa mirija iliyopindapinda. Mchanga mkubwa kama wa ufukweni una nafasi pana, kwa hiyo unanyanyua maji sentimita chache, labda kumi na kitu. Mchanga laini unaweza kunyanyua kama nusu mita. Udongo laini zaidi unapita mita moja, na mfinyanzi unaweza kufika mita kadhaa ukipewa muda. Muda ndio gharama yake. Njia ikipungua kipenyo kwa nusu, mvuto wa ngozi unaongezeka mara mbili, lakini maji yanayoweza kupenya kwenye njia hiyo moja, kwa msukumo uleule, yanapungua mara kumi na sita, kwa sababu yanakwaruzana na kuta kila upande.

Hili unaweza kuliona kwa macho. Kata vitako vya chupa mbili za maji za plastiki, funga midomo kwa kitambaa, zigeuze midomo chini. Moja ijaze mchanga mkavu wa ufukweni, nyingine mfinyanzi mkavu uliotwangwa. Zisimamishe kwenye sinia lenye maji kina cha kidole. Mchanga utalowa haraka mbele ya macho yako, kisha utagoma. Mfinyanzi utaonekana mvivu, lakini ukiamka kesho utakuta umeupita mchanga na bado unapanda.

Watu wa Bagamoyo wameona jambo hili siku zote bila kuliita kwa jina. Nyuma ya mikoko, upande wa mashamba ya chumvi, kuna viwanja vitupu vyeupe ambavyo bahari kubwa huvifikia mara chache tu kwa mwezi. Katikati ya siku hizo juu hakuna maji, lakini chini kidogo tope limejaa maji ya chumvi. Tope ni laini, linayavuta juu kama utambi, jua linayakausha, chumvi inabaki juu ya ardhi. Ukutani kwenu kinachotokea ni hicho hicho, ila kimesimama wima.

Usidhani lazima kisima kiwe karibu na msingi ndipo ukuta ulowe. Mvua za masika zikidondoka kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi mguuni mwa ukuta, udongo laini unaziweka kwenye mirija yake kwa wiki nyingi baada ya mvua kuisha. Kwa nyumba nyingi za mawe nilizokagua Pwani na Tanga, kopo la kibatari lilikuwa udongo ulioloweshwa na paa la nyumba yenyewe.

Tumefika kwenye ukuta, na hapa kuna kitendawili ambacho mafundi wengi hawajakifikiria. Chokaa iliyounganisha mawe yenu ina vijitundu vingi vya kipenyo cha sehemu ya elfu ya milimita. Fanya ile hesabu: 30 gawanya kwa 0.001 ni milimita 30,000, yaani mita 30. Kama mvuto wa kapilari ndio unaoamua unyevu uishie wapi, nyumba yenu ingelowa hadi kwenye boriti za dari na bado ingedai maji zaidi. Kwa nini basi kwa miaka mingi uliishia gotini?

Jibu ni ule moto wa kibatari. Maji hayapandi kwenye bomba lililofungwa. Kila hatua yanayopanda, yanatoka pembeni kama mvuke kupitia uso wa ukuta. Unyevu husimama pale ambapo maji yanayoingia kutoka chini yanalingana na maji yanayokauka juu ya uso. Mvuto una nguvu za kutosha na za ziada, lakini maji yanaisha njiani.

Tulipime hilo kwa ukuta wenu. Tuseme zamani uliishia sentimita 50 na sasa umefika mita 1, yaani mara mbili. Njia ya maji imekuwa ndefu mara mbili, msuguano umeongezeka mara mbili, kwa hiyo maji yanayoweza kufika ni nusu ya yale ya zamani. Wakati huohuo eneo lenye unyevu limekuwa mara mbili. Nusu ya maji inakauka kwenye eneo mara mbili, maana yake kila mita ya mraba ya ukuta sasa inakausha robo tu ya ilivyokuwa ikikausha. Kwa hiyo lipu na rangi vimepunguza ukaukaji hadi robo, na ukuta umejibu kwa kupandisha unyevu mara mbili. Dawa zaidi ya kuzuia maji ikiupunguza hadi sehemu moja ya tisa, unyevu utatafuta mara tatu ya urefu wa kwanza, utafika mita moja na nusu. Nimewahi kuona sebule iliyobandikwa vigae hadi usawa wa dirisha ili kuficha unyevu, na baada ya misimu michache unyevu ukachungulia juu ya vigae.

Hesabu hii pia inaeleza kwa nini kuta nene za wazee wetu hulowa juu zaidi kuliko ukuta wa tofali la inchi sita uliosimama kwenye udongo uleule. Ukuta mnene unabeba maji mengi zaidi ndani yake, lakini uso wa kuyakaushia ni uleule. Wazee walilipa deni hilo kwa lipu ya chokaa na kupaka chokaa nyeupe, vitu vinavyopitisha mvuke bila kinyongo.

Halafu kuna chumvi, na huko ndiko mabamba ya rangi yanakotokea. Maji yanayopanda hayako safi. Yanachukua chumvi kutoka ardhini, na mawe yenu yenyewe yalitoka baharini. Mvuke ukiondoka, chumvi inabaki palepale maji yalipogeukia kuwa mvuke. Zamani, lipu ya chokaa ilipokuwa wazi, mahali hapo palikuwa juu ya uso. Bibi alikuwa akiona unga mweupe, anaufagia, na kila baada ya miaka michache anapaka chokaa upya. Sasa uso umefungwa, maji yanageuka mvuke nyuma ya lipu, na fuwele za chumvi zinakua kwenye nafasi isiyo na upana. Zinasukuma. Rangi ndiyo inayoanza kuachia kwa sababu ni dhaifu, kisha lipu inatoa sauti ya kitu kitupu ukiigonga, mwisho inadondoka ikiwa imeng'ang'ania kipande cha jiwe na chokaa ya ukuta. Ukiokota bamba lililoanguka ligeuze. Ukikuta unga mweupe upande wa ndani na ukiulamba ni wa chumvi, umepata ushahidi.

Chumvi hiyo ina ubaya mwingine. Chumvi ya kawaida huanza kunywa unyevu kutoka hewani pale hewa inapofika asilimia 75 ya kiasi cha mvuke inachoweza kubeba, na usiku wa Bagamoyo hupita hapo mara nyingi. Ndiyo maana ukuta wenye chumvi hutoa jasho alfajiri, unakauka saa saba mchana, na mwenye nyumba anaapa kwamba maji yamepanda usiku. Hayakupanda. Hata ukikata kabisa njia ya maji kutoka chini, chumvi iliyobaki itaendelea kulowesha ukuta mpaka iondolewe.

Kwa sababu hiyo, kabla hamjatumia shilingi nyingine, hakikisheni ugonjwa ni huu. Usikubali mtu akupimie kwa kile kidude cha umeme chenye pini mbili kisha akatoa hukumu. Kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo ukuta wenye chumvi utasomeka umelowa kuliko ulivyo. Kipimo ninachokiamini ni cha kutoboa na kupima uzito. Toboa kwa drili inayozunguka polepole, maana ikienda kasi joto lake linakausha unga. Ingia kina cha sentimita 20, kwenye mstari mmoja wa kupanda: sentimita 20 kutoka sakafuni, 60, 100 na 140. Unga wa mwanzo, wa juujuu, utupe. Wa ndani kabisa utie kila mmoja kwenye kimfuko chake cha nailoni, ukifunge hapohapo. Nenda kwa sonara, mizani yake inatosha. Pima, kausha kwenye oveni ya joto la nyuzi 105 mpaka uzito uache kupungua, pima tena.

Tuseme unga wa sentimita 20 ulikuwa gramu 11.2 na ukikauka ukawa gramu 10. Maji ni gramu 1.2 kwa gramu 10 za ukuta mkavu, yaani asilimia 12. Ukipata asilimia 12 chini, kisha 9, kisha 4, kisha 1 kule juu, maji yanatoka ardhini. Ikiwa juu kumelowa kuliko chini, pandeni mkaangalie bati, na misumari iliyoachia. Ikiwa unga wa ndani ni mkavu kila mahali na uso tu ndio unyevu, mnahangaika na chumvi na hewa. Kwa uhakika zaidi uache unga uliokaushwa kwenye kisahani jikoni usiku kucha dirisha likiwa wazi, uupime asubuhi. Uzito ulioongezeka ni maji ambayo chumvi imeyanywa kutoka hewani, na hayo usiyahesabu kama ya ardhini.

Majibu yakithibitisha kuwa maji yanapanda, kazi ianzie nje, kwenye kopo. Pima usawa wa ardhi ya nje na sakafu ya ndani. Katika mji mkongwe kama Bagamoyo vizazi vimemwaga vifusi na mchanga nje ya milango, na mara nyingi utakuta ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu. Hapo ukuta unanyonya kutoka ubavuni, juu kabisa ya msingi. Ishusheni ardhi angalau sentimita 15 chini ya sakafu na muipe mteremko wa kuondoka ukutani. Wekeni mfereji wa bati chini ya paa na bomba la kupeleka maji mbali. Nawasihi msimwage zege la kuzunguka nyumba likagusa ukuta. Udongo ulio chini ya zege hauwezi kukauka juu, kwa hiyo unakaushia kupitia ukuta wenu.

Badala ya zege, chimbeni mtaro mwembamba kando ya ukuta, mjaze kokoto zilizooshwa. Unakumbuka ile hesabu: kati ya kokoto kuna nafasi za milimita kadhaa, kwa hiyo maji hayawezi kunyonywa hata sentimita moja. Kokoto ni mahali utambi unapokatika, na upepo unafika hadi mguuni mwa ukuta. Ziwe safi kweli. Kokoto zilizochanganyika na moramu au vumbi la kuponda mawe ni utambi uleule kwa bei kubwa zaidi. Na muwe waangalifu sana na kina. Misingi ya nyumba hizi ni mifupi, ni mawe yaliyopangwa tu kwenye mtaro. Msichimbe kufikia kitako chake, na msifungue zaidi ya mita moja kwa wakati mmoja.

Kisha ondoeni lipu ya saruji, ndani na nje, hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Itoke kwa patasi na nyundo ndogo, kwa mkono. Saruji imeng'ang'ania mawe na mashine itaondoka navyo vyote viwili. Ikitoka, acheni ukuta uchi. Najua inakera kukaa kwenye sebule isiyo na lipu wakati wageni wanakuja, lakini ukuta wenye unene wa sentimita 50 haukauki kwa mwezi. Hesabuni kaskazi moja na kusi moja, yaani mwaka. Katika muda huo chumvi itatoka nje yenyewe kama unga. Ifagieni kwa brashi kavu, ikusanyeni na muitupe mbali na nyumba. Msiioshe kwa maji kamwe, kwa sababu maji yataiyeyusha na ukuta utainywa tena.

Lipu mpya iwe chokaa sehemu moja kwa mchanga wa mto sehemu tatu, bila saruji hata kijiko. Mchanga wa ufukweni haufai, una chumvi mnayojaribu kuiondoa. Chokaa ya mfuko mnaweza kuitumia, ila iloweshwe kwenye pipa wiki kadhaa ikifunikwa na maji kabla ya kuchanganywa. Pigeni tabaka nyembamba za sentimita moja, moja ikishika ndipo ya pili, na kwa siku kadhaa mtundike magunia yenye maji mbele yake. Chokaa haigandi kama saruji. Inakuwa ngumu kwa kunywa hewa ya ukaa, na ikikauka haraka kwa jua inabaki unga. Juu yake pakeni chokaa nyeupe, siyo rangi ya mafuta wala ile ya plastiki. Lipu hii itachakaa chini baada ya miaka kadhaa. Hiyo ndiyo kazi yake, kuumia yenyewe ili mawe yasiumie.

Mtaambiwa pia kuhusu dawa ya kudunga kwenye mashimo chini ya ukuta. Kanuni yake ni ya kweli. Dawa inapaka kuta za vile vijitundu kitu ambacho maji hayakipendi, uso wa maji unajipinda kinyume, na ngozi ile ile iliyokuwa ikivuta juu inasukuma chini. Kwenye ukuta wa tofali wenye mistari iliyonyooka inaweza kufaa. Ukuta wenu ni mawe ya maumbo yote yaliyorushiwa chokaa, na katikati kuna mianya inayoweza kumeza dawa bila kuijaza. Ili utambi ukatike, dawa inabidi ienee bila pengo ukuta mzima, na kwenye ukuta kama huo hakuna fundi anayeweza kukuhakikishia. Ningetumia pesa hizo kwenye mfereji wa bati.

Kama kuna ndugu anayejenga upya kiwanjani kwa matofali, kwake ni rahisi. Aweke mawe makubwa safi chini ya jamvi, nailoni nzito juu yake kabla ya zege, na mkanda wa kuzuia unyevu upite unene wote wa ukuta sentimita 15 juu ya ardhi. Kosa ninalolikuta kila mara ni lipu ya nje kushushwa hadi chini ikauvuka ule mkanda, au kifusi na bustani ya maua kurundikwa juu yake. Maji yana njia ya kuuzunguka na hayatasita.

Kabla ya kubandua chochote, chukueni penseli na mchore mstari wa unyevu ukutani kama ulivyo leo, na tarehe kando yake. Lipu ikishaondoka, choreni mwingine juu ya mawe yenyewe, kisha mpime mwishoni mwa masika na tena kaskazi ikiwa imekaza, saa za mchana, siyo alfajiri. Mstari ukishuka kaskazi na kurudi palepale masika, mtaro na mfereji havijakata maji, tafuteni yanapoingilia. Ukishuka kila msimu kwa sentimita chache, msiguse kitu, endeleeni kufagia chumvi tu. Lipu ya chokaa ianze pale unga wa kina cha sentimita 20 utakapopimwa ukakutwa chini ya asilimia 4 hata kwenye tundu la chini kabisa. Mkifika hapo mkawa na swali kuhusu mchanga, nitumieni kiganja chake kwenye mfuko nitauangalia.